Chumvi kwa Saini

Mwanangu Zenon alitunza stoo ya mkandarasi wa barabara miaka kumi na mmoja, na haukupotea hata msumari. Sisemi hivyo kwa kuwa nilimzaa. Waulizeni.

Mwishoni mwa Novemba kandarasi iliisha, na kazi ikaisha nayo. Akarudi nyumbani Izia, Sumbawanga, kwa mkewe Bertila, watoto watatu, na mimi. Benki alikuwa na milioni moja na laki nane, na mfukoni mshahara wa mwisho. Mafao alikuwa anafuatilia, lakini nilimwambia asiyahesabu mpaka ayashike.

Kesho yake akatia kufuli kabati la jikoni na kutundika daftari: tarehe, kitu, kiasi, sababu, saini.

"Nipe chumvi," akasema Bertila.

"Sababu, mama Faith?"

"Sababu ya chumvi?"

"Andika."

Akaandika: *Mboga chapwa.*

Sabuni ilikatwa kwa uzi, kipande sawa na kiberiti. Jirani yetu Angela alipokuja kuomba kijiti cha kiberiti, akapewa kalamu. "Baba Faith, nawasha moto au nachukua mkopo?" Hakurudi wiki nzima.

Wakati huo huo pikipiki ilinguruma kila asubuhi kwenda mjini "kusikilizia kazi", king'amuzi kililipiwa, Jumamosi alinunulia meza nzima bia, na ahadi yake ya mchango wa harusi ya rafiki yake Loth ilisimama pale pale: laki mbili. Ndivyo alivyo mtunza stoo. Hulinda kinachotoka mlangoni. Kinachotoka kwa simu hakioni.

Nilinyamaza. Mpaka siku aliyosema mwaka huu shamba letu la kule Mollo halitanunuliwa mbegu wala mbolea.

"Ndicho kifungu kikubwa, mama, na hakuna anayekila leo."

Hapo damu ilinipanda. Baba yangu alitundika mahindi ya mbegu juu ya jiko, kwenye moshi. Mwaka wa njaa tulikula majani ya maboga chini ya mahindi yale, na hakuna aliyethubutu hata kuyanyooshea kidole.

"Wewe umetungua mbegu," nikamwambia, "ukaacha televisheni ukutani!"

"Mama, hesabu za stoo huzijui."

Kuniambia hivyo mimi, darasa la saba la zamani! "Unatumia laki sita kwa mwezi. Desemba, Januari, Februari, kwisha. Mahindi ya Mollo huingia ndani mwisho wa Mei, na hayo hutaki kuyapanda. Machi utawaandikia watoto nyasi, na sababu uandike nini?"

Akatoka nje, akajifanya kukagua tairi.

Nami nikachukua daftari, nikajaza mistari, na aliporudi ndani nikagonga kabati. "Hodi, mtunza stoo!"

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nahitaji mzigo."

Akasoma kwa sauti, kalamu mkononi, kama alivyozoea. "Ahadi ya harusi. Laki mbili. Sababu: *wasijue kazi imeisha.* Hii si sababu, mama." Akafuta. "King'amuzi. Sababu: *mpira, na kwa jirani unaonyeshwa.*" Akafuta. "Petroli. Sababu: *kwenda mjini kukaa.*" Kalamu ikapunguza mwendo. "Bia za wengine..." Akanitazama. Penye mafiga Bertila alicheka mpaka mfuniko ukamponyoka.

"Haya, mama," akasema. "Tupange upya."

Tukatoa kwanza visivyoliwa. Kisha vyenye mbadala wa bei ndogo: unga wa dukani ukaondoka, tukasaga mahindi yetu yaliyobaki, pikipiki ikalala, miguu ikaamka. Kabla ya kugusa chakula tukatenga laki mbili za mbegu na mbolea, na laki moja ya shule Januari. Bima ya afya hatukuigusa. Ikabaki milioni moja na nusu kwa miezi sita: laki mbili na nusu kila mwezi, hutolewa tarehe moja, na kinachobaki kinavuka mwezi. Chumvi ilirudi kwa Bertila, na ufunguo pia.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote: kikao cha harusi. Zenon alisimama, jasho likimtoka na baridi ile ya Sumbawanga.

"Kazi imeisha. Ahadi yangu sasa ni elfu thelathini."

Clemens, mwenye duka la vifaa, akakohoa. "Basi na mimi mnipunguzie. Nilikuwa nasubiri mtu aanze." Watu watano wakapunguza ahadi zao. Keki za Loth zikashuka kutoka tatu hadi moja, na ndoa ikafungwa vile vile.

Zamu yangu ilifika Aprili: kitenge cha sare ya jubilei ya kanisa kule Kaengesa, elfu arobaini. Zenon akalifungua daftari taratibu, wala hakucheka.

"Sababu, mama?"

Nilivaa kile cha zamani. Nilikipiga pasi mara mbili, nikakaa benchi la mbele.

Mahindi ya Mollo yalipoingia ndani, mwisho wa Mei, benki ilibaki elfu kumi na nne. Gunia la kwanza Zenon alilifungua mwenyewe, akachagua mahindi yenye punje nzuri, akayatundika juu ya jiko.