Mstari Usio na Namba

Miaka kumi na tisa Bi Vyumba alikuwa akilitungia gazeti la kila wiki mafumbo ya Heyawake, yale ya mraba uliogawanywa vyumba, ambapo namba ya chumba hutaja visanduku vya kupakwa vyeusi, na jina lake hilo la utani lilikaa chini ya kila fumbo. Wiki iliyopita wasomaji walilalamika kwamba fumbo halifumbuliki. Mhariri akamwambia kosa likirudi, nafasi yake wanapewa watabiri wa nyota. Watabiri! Hakulala vizuri siku nne.

Ndiyo maana leo alikuja mwenyewe ofisini kukagua ukurasa kabla haujaenda mtamboni. Alipouona, damu ilimpanda.

"Mstari wangu wa juu uko wapi?"

"Ule mtupu?" Mpanga kurasa, kijana mdogo, hakuinua hata macho. "Tangazo la magodoro limerefuka, mama. Mstari haukuwa na namba hata moja, nikaukata."

Bi Vyumba alimsukumia penseli. "Chumba hiki, tatu kwa tatu, kina namba tano. Paka visanduku vitano vyeusi, na visigusane ubavu."

Kijana alipaka, akafuta, akapaka tena. Mwishowe akapata: pembe nne na katikati. "Hakuna namna nyingine," akasema, akijisifu.

"Hakuna. Sasa cheupe cha juu, hapo katikati, kinatokea wapi? Vyeupe vyote lazima viungane."

Kushoto cheusi, kulia cheusi, chini cheusi. Juu, ulipokuwa mstari uliokatwa, palikuwa na ukingo.

"Kimefungiwa," kijana akanong'ona. "Basi tuandike nne."

"Nne zinaingia kwa namna chungu nzima! Fumbo lina jibu moja, mwanangu. Na huku pembeni nimehesabu ili mfululizo wa vyeupe usinyooke kupita vyumba viwili kwenda cha tatu. Ukigusa kimoja, vyote vinavurugika." Akamkazia macho. "Na wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita nilikata wa chini."

Bi Vyumba aliketi. Kumpiga mtoto wa watu kwa rula hakufai, ingawa rula ilikuwa karibu.

"Urudishe."

"Nafasi hakuna, mama. Tangazo haliguswi." Kijana aliangalia chini ya fumbo, kwenye jina, kisha akaangalia pembeni kwa aibu.

Bi Vyumba aliliangalia pia. Lilimuuma, tena sana. "Lifute jina," akasema. "Mstari urudi."

Fumbo likatoka zima, na nafasi ikabaki yake. Wiki iliyofuata mhariri, akiwa amefurahi kweli, alimkabidhi barua ya msomaji: "Hongera kwa kumpata mtunzi mpya. Yule Bi Vyumba alikuwa amezeeka."

Aliisoma mara mbili. Kisha akavuta karatasi, akachora mraba, na katika mstari wa juu kabisa, kila chumba akakipa namba.