Kitabu Kilichoanzia Nyuma

Nafasi yangu ya kazi niliifuta mwenyewe, kwa vidole vyangu kumi, na sikukosea hata herufi moja.

Nilikuwa mpiga chapa wa muda katika idara ya makadirio ya shirika moja kubwa la umma, ofisi zikiwa kwa miguu tu kutoka Industrial Area. Kila mwaka tulitengeneza kitabu cha bajeti. Mkuu wa idara alikipenda kile kitabu kuliko mkewe, na simsingizii, mkewe mwenyewe alilalamika hivyo akija kuomba gari. Jalada lilikuwa karatasi nzito ya buluu yenye jina la shirika na mwaka. Baada yake yalikuja yaliyomo, kisha muhtasari wa ukurasa mmoja, kila idara na mstari wake mmoja na namba ya jedwali lake. Majedwali ndiyo yaliyochambua kila mstari: mishahara, mafuta ya gari, sabuni, mpaka balbu. Nyuma kabisa vilikaa viambatisho vitatu. A ilikuwa viwango vya mishahara, B orodha ya magari, na C orodha ya nafasi za kazi, sasa ziko ngapi na mwaka ujao zitakuwa ngapi.

"Kamati ya bajeti husoma muhtasari," mkuu aliniambia siku ya kwanza. "Majedwali huyapindua. Viambatisho ni vya panya."

Basi mwaka ule nikafika Kiambatisho C, karatasi ya mwisho ya kitabu. Stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufishia, haina huruma, ukikosea unapaka dawa nyekundu, unangoja ikauke, unapiga tena. Nilikuwa napiga polepole. *Mpiga chapa wa muda: sasa 1, mwaka ujao 0.* Mstari uliofuata: *Msaidizi maalum wa mkuu: sasa 0, mwaka ujao 1.*

Salala! Nilisimamisha mashine. Idara nzima ilikuwa na mpiga chapa wa muda mmoja tu, na huyo alikuwa amekaa kwenye kiti changu amevaa gauni langu. Nyumbani nilikuwa na watoto wawili na mama mzazi, chumba kimoja, na kodi haijui kiambatisho. Nilimpelekea mkuu ile karatasi.

"Bwana mkubwa, hapa pana makosa?"

Aliivaa miwani, akasoma, akaivua. "Hapana makosa. Umepiga vizuri sana."

Huyo msaidizi maalum sisi sote tulimjua. Alikuwa mpwa wake, alikuja ofisini Ijumaa kusoma gazeti letu.

Stensili zikapitishwa kwenye mashine ya kurudufu, tukapata marundo ya karatasi ambayo hakuna meza ofisini ingeyabeba. Kila mwaka tulikodi ukumbi wa estate yetu. Tulipanga meza katikati, mstari mrefu kutoka mlangoni mpaka jukwaani, rundo moja kwa kila ukurasa, jalada mlangoni na Kiambatisho C jukwaani. Mtu anatembea, anachukua karatasi moja moja, kila mpya anaiweka chini ya zile alizoshika, na akifika mwisho kitabu kimekamilika. Tarishi mmoja anangoja hapo na stepla.

Waliopanga karatasi walikuwa wafagiaji na matarishi, na karibu wote walikuwa waimbaji wa kwaya moja ya kanisa. Kosa langu lilikuwa kuwaacha waimbe. Mama mmoja mfagiaji, mwenye sauti ya kupasua vioo, alianzisha wimbo wa arusi, na kwaya ikisikia wimbo wa arusi haitembei mstari mmoja. Walijigawa mistari miwili, wanawake upande huu, wanaume upande ule, wakapishana katikati wakicheza bega. Ilipendeza, haki ya Mungu. Nilipiga hata makofi. Tarishi wa pili, aliyekaa mlangoni akilinda majalada, alipoona watu wanamfikia wakiwa na karatasi kamili, alitafuta stepla yake naye akaanza kazi.

Asubuhi, nikifunga vitabu kwa kamba, ndipo nikaona. Nusu vilikuwa sawa. Nusu nyingine, ile ya wanaume, ilianzia Kiambatisho C na kuishia jalada la buluu kule nyuma. Wanaume walikuwa wameanzia jukwaani.

Nitasema ukweli wangu wote. Nilikuwa na saa nzima kabla ya kikao cha kamati. Ningeweza kung'oa pini na kupanga upya vitabu vya kamati tu, vilikuwa kumi na viwili. Badala yake nilikunywa chai, na mandazi mawili.

Kwenye kamati, mkuu alisimama na kitabu chake, ambacho mimi mwenyewe nilimchagulia kikiwa sawa. "Gawa," akaniambia. Nikagawa vile vya wanaume.

"Waheshimiwa, jalada mmeliona," akaanza kama kawaida yake. "Yaliyomo yako ukurasa unaofuata. Twende kwenye muhtasari..."

"Jalada lipi?" mwenyekiti akauliza. Alikuwa mzee mnene mwenye subira kidogo. "Mimi hapa nina mpiga chapa wa muda, sasa mmoja, mwaka ujao sufuri."

"Hiyo ni ya nyuma, mwenyekiti."

"Kwangu iko mbele." Akawatazama wenzake. "Kwenu je?"

"Mbele," wakasema wote, wakiwa wamevaa miwani tayari.

"Na huyu msaidizi maalum atafanya nini?"

Mkuu alikohoa. Alieleza mambo ya uratibu kwa muda mrefu mpaka mjumbe mmoja mama akamkata. "Nani amepiga kitabu hiki?"

Nilikuwa nimesimama ukutani na vitabu vilivyobaki. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitamani anione. Niliinua mkono.

"Kwa hiyo tunamfukuza anayefanya kazi tumlipe anayesaidia?" yule mjumbe akauliza.

Chumba kikacheka. Mkuu hakucheka. Mwenyekiti alisema mistari ile miwili ibadilishane, moja kwangu na sufuri kwa msaidizi. Kilichozidi kwenye mshahara wa msaidizi kiingie kwenye sabuni na mafagio, ili jumla ya idara isiguswe na muhtasari ubaki vilevile. Nilirudi kupiga upya karatasi mbili tu, Kiambatisho C na jedwali la idara yetu. Nilipiga ile 1 kwa nguvu mpaka stensili ikatoboka, ikabidi nianze tena. Nililia kidogo. Mkuu alipita, akasema mashine yangu ina kelele nyingi.

Mwaka uliofuata niliomba watu kumi wa kupanga. Walikuja zaidi ya arobaini: walinzi, wafagiaji, wachimba mitaro, na mpishi wa kantini na aproni yake. Mkuu alisimama mlangoni kando ya majalada ya buluu, akiamrisha kila mtu aanzie pale pale. Wakamwitikia, "Ndiyo, bwana mkubwa," kwa adabu kubwa, kisha wakampita moja kwa moja mpaka jukwaani na kuinamia rundo la Kiambatisho C, kila mmoja akitafuta mstari wa kazi yake. Hakuna aliyeimba. Yule mama mfagiaji alitembeza kidole kwenye karatasi mpaka akafika *Wafagiaji: sasa 9, mwaka ujao 9*. Akawahesabu wenzake mmoja mmoja kwa kuwagusa mabega, alipofika nane akajigusa kifua.

"Tisa," akasema. "Nipo."