Kiungo cha Tano cha Ng'ombe

Warigia, karani wa chama kimoja cha maziwa huko Othaya, alijigamba kwamba taipureta yake haijawahi kuruka neno. Mwaka wa sabini na nne mwenyekiti akamletea picha ya mchoro wa matumbo ya ng'ombe, aliyoupiga ukutani katika chuo cha mifugo, kando ya mlango wa ofisi ya mkuu.

"Fuata kila mshale, Warigia. Andika sehemu na kazi yake, vile imeandikwa. Usiongeze yako."

Akafuata. Tumbo la kwanza: huchachusha nyasi. La pili: hunasa misumari iliyomezwa. La tatu: hufyonza maji. La nne: humeng'enya chakula. Mshale wa tano, mnene kuliko yote, uliishia chini ya mkia. Akachapa bila kupepesa jicho: "Ofisi ya Mkuu: piga hodi kabla ya kuingia."

Alipoisoma orodha mkutanoni, watu walicheka hadi mabenchi yakalia. Mwenyekiti akaikodolea macho picha. Kumbe mshale ule ulikuwa wa kibao cha mlangoni, kikaingia pichani!

"Futa hiyo!"

"Ati ifutwe?" akafoka mzee Gatimu, akipapasa goti lililovimba. "Wacha ikae. Jana mimi nilipita huko nyuma bila hodi."