Difu Iliyolia Hadi Nyumbani

Mume wangu hakuwahi kupiga simu kuniambia yuko karibu kufika. Hakuhitaji. Pikapu yake ilikuwa inalia huku nyuma, chini ya mizigo, mlio mwembamba kama wa mbu aliyeingia ndani ya neti, na kadiri mwendo ulivyopanda ndivyo mlio nao ulivyopanda. Siku za soko la Ikutha, alipokwenda kununua mbuzi, niliusikia tangu kule lami inakonyooka. Unapanda, unapanda, halafu unashuka taratibu akipunguza mwendo aingie barabara yetu ya vumbi. Ukishuka hivyo, nilitia unga kwenye maji.

Majirani walimtania kwamba gari lake limejiunga na kwaya. Yeye aliwajibu kwamba gari lisilosikika likija ni la mwizi.

Boma letu liko kwenye mteremko, nyumba juu, lango chini. Watu wengi wa huku kwetu wenye boma kama hilo huingia kinyumenyume, ili asubuhi watoke bila shida. Yeye alikataa kabisa. Alipanda na gari moja kwa moja, pua ikiangalia mlango wa jikoni, akatia jiwe nyuma ya gurudumu. "Mimi siwezi kumpa mwenye nyumba mgongo," alisema kila mara, na kila mara nilimwambia aache maneno mengi, ugali unapoa. Hapo hapo kwenye mteremko ndipo alipokagua pia mafuta ya difu, lile bonge la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Aliingia chini, akafungua ile nati kubwa ya nyuma, na mafuta yakamtiririkia mkononi. "Imejaa mpaka inatema," alisema. Alinifundisha nami nifanye hivyo.

Ugonjwa ulimchukua, si barabara. Nimeshukuru Mungu kwa hilo, na nimemlaumu pia, siku nyingine katika sala hiyo hiyo.

Pikapu nikabaki nayo, nikawa nabeba ndengu kwenda soko la Kwa Vonza. Niliendesha kwa sababu ya ndengu, lakini nisijidanganye, niliendesha kwa sababu ya ule mlio. Ulikuwa ndio kitu chake pekee kilichobaki na sauti. Simu yake ilikufa, na kanda ya harusi yetu ililiwa na panya. Mlio huo ukabaki. Kisha ukaanza kubadilika, ukawa mzito, una mngurumo chini yake, na sakafu ikatetemeka miguuni pangu. Nikajua nikiendelea kuupenda hivyo, utaniacha njiani.

Fundi wa Kwa Vonza ni mtu mzima, mpole, asiyependa kuharakishwa. Tuliingia barabarani pamoja, yeye kwenye usukani. Alikanyaga mafuta, mlio ukapanda. Akaachilia, mlio ukabaki. Akatoa gia, gari likateleza lenyewe huku injini ikipumua polepole, na mlio bado upo, unashuka tu na mwendo. Akaliyumbisha gari kushoto na kulia, mlio haukubadilika.

"Si engine, mwaitu," alisema. Mwaitu ni mama, na mimi kwake ni mama hata kama mvi zetu zinalingana. "Na wheel bearing naona ziko sawa. Hii ni diff. Bearing za pinion zimeisha, na hata meno sijui."

Pinion ni ile gia ndogo ya mbele ya difu, inayopokea mzunguko kutoka injini na kuisukuma gia kubwa, krauni, inayozungusha magurudumu. Hayo nilikuwa nayajua. Mke wa mwenye gari kuukuu hujua mengi asiyotaka kuyajua.

Kwenye sakafu yake ya simiti, iliyo sawa, alifungua nati na kutia kidole. Mafuta yanatakiwa yafike kwenye ukingo wa chini wa tundu. Alikikunja kidole kuelekea chini, kikatoka kikavu.

"Haiwezekani," nilimwambia. "Nimeangalia mwenyewe, na ilikuwa inatema."

"Uliangalia ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani gari inasimama aje?"

Nikamweleza: mteremko, pua juu, jiwe nyuma. Alivuta karai la dizeli anayooshea vyuma, akaliinua upande mmoja. Dizeli yote ikakimbilia upande wa chini, ikafika ukingoni, na upande wa juu pakabaki pakavu.

"Tundu iko nyuma, pinion iko mbele," alisema. "Ukipaki ikiangalia juu, oil inakuja yote huku nyuma. Ukifungua inamwagika, unasema imejaa. Na huku seal ya mbele inavuja pole pole mkiwa barabarani. Ile pinion imekaa na kiu miaka."

Nilikaa juu ya tairi lililolazwa chini. Mazoea yana taabu, nilikuwa nasikia tu watu wakisema. Kumbe ule mlio niliousubiri jioni zote hizo, ulioniambia anakuja, ulizaliwa hapo, kwenye adabu yake ya kutonipa mgongo. Nilitamani kumcheka. Nilitamani zaidi awepo nimcheke.

Fundi aliongeza mafuta mpaka yakafika kwenye ukingo, akasema tujaribu tena, ingawa chuma kikishaliwa hakirudi. Tulipofika barabarani nikamwambia aniteremshe.

"Kwa nini?"

"Wewe enda mpaka mbele kule, ugeuze, urudi. Mimi nataka kuisikia ikija."

Maana tangu nianze kuendesha mimi, sikuwa nimewahi kuisikia ikija. Ukiwa ndani, mlio unakwenda nawe safari nzima na haufiki popote. Nilisimama kando ya lami na shuka langu. Kwanza pakawa kimya, ng'ombe tu na pikipiki moja. Halafu ukaja, mwembamba, ukipanda, ukipanda, na mngurumo wote kwa mbali hausikiki. Fundi akapunguza mwendo anichukue, mlio ukashuka taratibu, vile vile kabisa. Miguu yangu ikageuka yenyewe kutafuta jiko. Nililia hapo barabarani mbele za watu, na sikuona haya.

Alipoifungua difu, beringi zilikuwa zimechubuka, na krauni ilikuwa na jino lililomeguka. Nilimuuliza kama anaweza kubadilisha beringi tu, meno ayaache yalie kidogo.

"Ningeweza kama yangekuwa yamelika tu," alisema. "Lakini hii imevunjika, mwaitu. Kipande kikiingia katikati, diff inashika ukiwa mbio. Na hizi zinabadilishwa pamoja, mbili. Mpya haielewani na ile ilizeeka na mwingine."

Nikamwambia aendelee.

Aliyapaka meno mapya rangi, akayazungusha, akaangalia yanagusana wapi, akaongeza kipande chembamba cha bati nyuma ya beringi, akarudia tena mpaka aliporidhika. Nilirudi nyumbani na gari lisilo na sauti, nikasikia mpaka mbegu za ndengu zikibingirika kwenye sakafu nyuma.

Siku hizi mafuta ya difu naangalia kwenye uwanja wa kanisa, ulio tambarare. Kuegesha, naegesha kama yeye, pua juu, jiwe nyuma. Jioni ile ya kwanza niliporudi kutoka kwa fundi, mbwa wetu, ambaye zamani alikuwa langoni kabla gari halijaiacha lami, alikuwa amelala mlangoni pa jikoni. Nilipanda mpaka karibu yake, nikazima, nikafungua mlango. Ndipo alipoinua kichwa. Akanitazama mimi, kisha akaangalia kiti cha dereva nilichotoka, akaendelea kukiangalia.