Siku Niliyoistaafisha Ripoti ya Ijumaa

Ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani, pale Malaba, ilikuwa na ripoti ya kila Ijumaa, na mama mmoja ndiye aliyeiandaa kwa miaka mingi. Baada ya chai ya saa nne alizunguka yadi akiuliza lori moja moja: limefika lini, hati zake zimefikia wapi, limeruhusiwa kuvuka au bado. Jioni aliichapa na kuituma kwa meneja na kwa tawi letu la Busia. Madereva walimwita Mama Ripoti. Ofisini tulikata zaidi, tukabaki na Ripoti tu. "Ripoti imekunywa chai?" mtu angeuliza, na hakuna aliyejali kwamba sarufi ilikuwa imepinda. Kiswahili chetu cha mpakani ndivyo kilivyo.

Shida haikuwa yake. Ripoti ya Ijumaa ilisomwa Jumatatu, na lori halingoji Jumatatu. Wenzetu wa Busia walikuwa wakipiga simu kuulizia lori lililovuka tangu Jumamosi, ambalo kufikia saa hiyo lilikuwa limekwisha kuipita Jinja, kule Uganda. Kwa hiyo tukaamua kutumia jedwali moja la pamoja, linalofunguka kwenye simu na kwenye kompyuta. Hati ikipita, anayeshughulikia lori hilo anaandika papo hapo, na aliye Busia anaona. Mimi nikapewa kazi ya kuandika memo.

Niliiandika kwa Kiswahili ili watu wa yadi nao waisome, na nilijivunia ufupi wake. Jedwali lingeanza Jumatatu iliyofuata. Ripoti ingeendelea kando yake kwa wiki mbili ili tulinganishe, kisha ingekoma. Nakala za zamani zingebaki kwenye kabati la faili. Neno "kufutwa" niliona ni kali, kwa hiyo juu nikaandika: RIPOTI KUSTAAFU. Chini nikaongeza kwa upole: "Tunaishukuru Ripoti kwa miaka yote. Baada ya wiki mbili itapumzika, na nafasi yake itachukuliwa na Jedwali."

Nikaibandika ukutani, nikaenda zangu Amagoro kwa shughuli nyingine.

Kesho yake asubuhi nilikuta madereva wawili mbele ya tangazo.

"Kwani Jedwali ni nani?" mmoja aliuliza.

"Si ni ule dada mpya wa Busia? Anaringa kweli."

"Ripoti hata haijazeeka. Hawa maboss hawana aibu."

Nilicheka, kisha nikakumbuka Ripoti ni jina la nani. Nikaingia ndani haraka. Mama alikuwa mezani kwake, akifunga kikombe chake kwa gazeti.

"Mama, unafanya nini?"

"Napunguza vitu polepole, boss. Wiki mbili si nyingi."

"Lakini nani amekwambia unaondoka?"

"Wewe. Umebandika pale." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kustaafu si aibu. Ila nilidhani utaniita kwanza, uniambie kwa mdomo."

Nikavuta kiti nikamweleza kwamba kinachostaafu ni karatasi, si mtu. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyowasikiliza madereva wenye hadithi ndefu.

"Sawa. Na karatasi ikishaenda, mimi Ijumaa nitafanya nini?"

Memo yangu ilisema nini kinakoma, nini kinaanza na lini, lakini haikutaja kazi ya mtu hata mmoja. Mama alikuwa amesoma vizuri kuliko nilivyoandika.

"Nikuulize kitu," akasema. "Kijana akiandika kwa simu kwamba lori limeruhusiwa, na bado limesimama hapo nje, nani atajua?"

"Hakuna."

"Mimi nitajua. Mimi hutembea."

Nilimwomba aje nami kwa meneja, akayarudia maneno hayo mwenyewe. Meneja alikuna kidevu, akasema, "Hilo hatukulifikiria." Kabla ya saa sita tulikuwa tumekubaliana: kila asubuhi, si Ijumaa pekee, mama atalinganisha jedwali na malori yaliyomo yadini, na penye tofauti atamwita mhusika arekebishe.

Nikang'oa tangazo, nikaketi kando yake kuandika jingine. Safari hii kila nilichoandika nilimsomea kwanza. Neno kustaafu tuliliondoa. Tarehe zilibaki zile zile. Kisha nikaandika kazi yake, kwa jina lake kamili, na kwamba mwenye swali lolote kuhusu jedwali aanze kwake.

"Soma tena hapo," akasema.

Nikasoma tena.

"Polepole, boss. Wengine Kiswahili tumejifunzia shule."

Nikasoma mara ya tatu, neno kwa neno, naye akawa anaitikia kwa kichwa.