Haja Aliyoiruka Bibi Cherehani

Kifungua mimba wa Bibi Cherehani ndiye aliyemwandikia katibu wa kanisa kwamba mama ana msichana wa kazi, anatunzwa vizuri, wasihangaike. Uongo mtupu. Mwana yuko ng'ambo, aliona haya, akihofia watu wasije wakasema yeye na wadogo zake wamemtelekeza mama yao. Kwa maneno yake, Bibi Cherehani akafutwa kwenye orodha ya wasiojiweza, wale wanaotembelewa na kuombewa majumbani kila Alhamisi.

Bibi hakuambiwa. Kila Alhamisi alitandika kitambaa mezani, jioni akakikunja. Akadhani wamemchoka.

Kusali hakuacha. Magoti yaligoma zamani, kwa hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda, viganja mapajani. Alianza na shukrani: pumzi, usingizi, macho yanayoweza bado kutunga uzi kwenye sindano. Kisha toba. Kisha watoto, mmoja mmoja: mkubwa na kazi yake, wa kati na ndoa yake, kitinda mimba na kibali chake cha kuishi ugenini. Haja zake mwenyewe aliziruka, mwaka wa nne sasa. Mwisho alijiitikia amina, na chumba kikanyamaza.

Jumapili moja alipofika pa kuruka, akasita.

"Bwana, leo naomba la kwangu. Nataka mtu wa kuniitikia amina."

Akasikiliza. Hakusikia neno, ila miguu ikawa na hamu ya kusimama. Akachukua fimbo, akaenda kanisani, akipumzika kwenye kila ngazi ya duka.

Mchungaji alipouliza nani ana haja ya kuombewa, mkono wa Bibi ulikuwa juu. Katibu akashangaa. "Bibi, si una msichana anayekuangalia?"

"Mkimwona mniambie. Nina ndoo za maji zinamngoja."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Katibu akafungua simu, akasoma ujumbe ule mbele ya wote. Hapo ndipo Bibi alipojua.

Angeweza kulaani. Alishika mgongo wa benchi, akasali mwenyewe, kwa mpangilio uleule. Alipofika kwa mkubwa akasema, "Mpe afya, mpe kazi, na umpe ulimi wa kweli, maana ametudanganya, mimi na hawa." Hakuruka kitu. "Na mimi, Baba, niko peke yangu. Sikupenda."

Kanisa zima likaitikia amina, mabati yakatetema. Bibi akabaki amesimama, kidevu juu, kama bibi harusi.

Alhamisi walikuja tisa. Viti havikutosha; mmoja alikalia sanduku la vitambaa. Katibu aliomba radhi mlangoni kabla ya kuvua viatu, na lake likaisha.

La kifungua mimba halijaisha. Hajaliandikia kanisa kukanusha maneno yake, wala hajampigia mama kusema, Mama, nilikusingizia raha usiyokuwa nayo. Hilo bado analo, na hakuna wa kumlipia.