Siku Niliyosema Namtoa Mke Wangu

Kitu cha kunishangaza mimi hakijazaliwa. Nimeanza maisha na kichwa changu tu, nikibebea watu magunia kule bandarini Kalundu, na shule yangu ni miaka miwili kwa katekista aliyekuwa anatupiga kuliko kutufundisha. Nilipofika miaka thelathini nilikuwa na uwanja wangu wa kuanikia ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu, nyavu zangu, baiskeli yenye taa, na nyumba ya bati mtaani Songo, Uvira, wakati majirani wangu wote bado wanalala chini ya nyasi. Wazungu nimewaona, mafuriko nimeyaona, nimeona mtumbwi unapinduka nikiwa ndani yake. Na bado kuna asubuhi moja ya Alhamisi ambayo nikiikumbuka hadi leo damu inapanda.

Wiki tatu kabla yake nilikuwa nimeoa, Jumamosi, kanisani, na msichana wa Nyakabere. Watu wake ni wakulima wa bonde la Ruzizi, wanasema Kirundi, watu wa mihogo na pamba, wakaidi. Mimi nimekulia mjini, Kirundi changu ni cha sokoni: bei gani, punguza, basi. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililoniua.

Mwaka ule makarani wa Uvira walikuwa na maringo mapya. Wakipata konji, likizo yao, wanachukua wake zao wanavuka nao kwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa, siku tatu nne, wakirudi hawanyamazi: taa za umeme, maduka ya Wahindi, sijui nini. Mimi niliyekuwa na fedha kuliko karani yeyote nikajisema, mke wangu ataenda pia. Lakini sikuwa mjinga. Sikupanga mambo ya kizungu. Fedha kubwa ilikuwa imekwisha kwa mahari na arusi, na iliyobaki ilikuwa ya nyavu za msimu ule. Nilitenga faranga mia tatu na themanini. Kamio, yaani lori, kwenda na kurudi kwa watu wawili, usiku tatu kwa mama mmoja wa Buyenzi, mtaa wa kule, aliyekuwa ananunua ndagala zangu na aliyekubali kutupangishia chumba, chakula cha sokoni, na kikwembe kimoja cha mke wangu, kile kizuri lakini si kile kizuri kabisa. Akiba kidogo. Hata senti ya hoteli haikuwamo.

Nilipomwambia mke wangu, hakuruka kwa furaha. Alifikiri, akasema kikwembe tungeweza kukiacha.

"Basi weye unataka nini kule?" nikamuuliza.

"Nataka kukaa ng'ambo niangalie milima yetu. Tangu nizaliwe naiona toka chini tu. Watu wanasema ukiwa kule unaiona yote."

Nikacheka. Milima ni bure, nikamwambia, hiyo nitakununulia hata miwili. Lakini neno lile lilinikaa moyoni, na nikamwahidi.

Kuvuka kulitaka karatasi ya njia, toka biro ya teritwari, ofisi ya serikali. Nikaenda. Karani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akauliza naenda kufanya nini Usumbura. Nikasema kutembea na mke wangu. Akaweka kalamu chini. Akaniambia watu wanaandika mazishi, wanaandika mgonjwa, wanaandika biashara; makarani wana karatasi yao ya konji; lakini muntu hivi hivi kwenda kutembea, hilo yeye hajaliona, na bwana mkubwa hatatia sahihi. Nilitaka kumvuta shati. Mimi ninayelipa kodi kuliko baba yake. Mwishoni akaandika "biashara ya samaki", toka Alhamisi hadi Jumapili, akanishauri nibebe samaki kweli, kwa sababu pale kizuizini Kavimvira wanaangalia. Nikatayarisha nusu gunia la ndagala. Nikafurahi hata, maana nusu gunia lile lingeuzwa kule na kulipa chumba. Mimi hata nikitukanwa ninapata faida.

Ikabaki kuwaarifu wakwe, kwa heshima, wiki nzima kabla. Kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyeshusha maziwa toka bondeni. Nikamwambia afike kwa senge wa mke wangu, yaani shangazi yake, dada ya baba yake, ndiye mkubwa pale nyumbani, amwambie: siku ya Alhamisi namtoa mke wangu.

Namtoa. Kumtoa nje, kumtembeza, aone dunia. Mjini kila mtu angeelewa.

Alhamisi asubuhi nimevaa suruali yangu ya kaki iliyopigwa pasi, nusu gunia liko mlangoni, dereva wa kamio anapiga honi barabarani. Na nyuma ya kamio ile ikaja kamio nyingine, ya pamba, ikasimama mbele ya nyumba yangu. Wakaanza kushuka wanawake. Wakashusha vyungu vya pombe ya ndizi, majani yamefungwa mdomoni. Wakashusha vikapu vya unga, vya maharagwe, vimefunikwa vizuri. Wakaendelea kushuka. Wazee wawili na fimbo zao. Watoto. Na mbele yao senge, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, anaimba.

Nikamuuliza kuna msiba gani.

Akaacha kuimba. "Mukwe wetu, si weye ulisema leo unamtoa? Tumekuja kumtoa."

Ndipo nikaelezwa, mbele ya mlango wangu mwenyewe, kama mtoto. Kwao bibi arusi akiingia kwa mume hatoki. Anakaa chumba cha ndani, hashiki jembe, hashiki sufuria, haonekani, mpaka watu wa kwao waje na pombe na vikapu kumfunua. Mimi nilidhani ni haya za bibi arusi tu zinazomweka ndani. Gutwikurura, ndivyo wanavyosema. Kumtoa. Siku anachagua mume, na mume anaituma habari. Mimi nikaituma. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa mtu wa maziwa.

Nikamwambia senge nilimaanisha safari. Nikamwonyesha karatasi ya njia. Hakuitazama.

"Safari? Bibi arusi asiyetolewa, umpandishe kamio wanaume wote wamwone? Sisi tutaitwa nini pale bondeni?"

"Mama, mimi nimelipa kiti."

"Na sisi tumelipa ndizi," akasema. "Siku sita zinakaa ndani ya shimo na ndani ya chungu. Ndizi haziko kama kamio, kusema zitarudi kesho."

Wale wazee wakacheka. Dereva wangu naye akacheka, akaniita bwana arusi, akaniuliza kama nangojea au ninapanda. Nikamjibu neno ambalo siliandiki. Akaenda na faranga zangu, kwa sababu nilikuwa nimelipa tangu jana yake, na kwake fedha haikuwa na mlango wa kurudia.

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikapiga teke pipa la maji mpaka kidole kikavimba. Hasira yangu haikuwa ya bure. Mtu anayekuja kumtoa binti yake hapewi maji na kuambiwa asante. Anakula. Anakula nyama. Na mbaya zaidi, vyungu na vikapu vilivyokuja vimejaa havirudi vitupu, ni aibu inayokaa vizazi. Nikanunua mbuzi kwa mtu aliyeona uso wangu na akapandisha bei. Nikanunua mchele, mafuta, sukari, bia za chupa kwa wale wazee, maana pombe yao wenyewe ghafla ilikuwa ya wanawake. Kitambaa cha senge, cha lazima. Faranga za safari zikaisha kabla ya saa sita. Nikafungua fedha ya nyavu.

Na nusu gunia la ndagala? Nilitoka ndani nikakuta senge anazigawa kwenye vikapu, kiganja kwa kiganja, anasifu ukubwa wake. Nikasema zile ni za karatasi, za kizuizini. Akasema, "Mukwe ana mkono wazi," kwa sauti, na wanawake wakapiga vigelegele. Ungemnyang'anya vipi mtu baada ya vigelegele?

Mke wangu wakamtoa chumbani amevikwa nguo ya kwao, wakamfunua uso, wakampa chungu cha kwanza anywe na mimi kwa mrija mmoja. Alikuwa anapendeza, hilo sikatai. Lakini nilimwona anaangalia pale mlangoni palipokuwa gunia, halafu ananiangalia mimi. Hilo liliniuma kuliko mbuzi. Nilikuwa nimemwahidi.

Waliondoka jioni wakiimba. Nikakaa kizingitini kwangu nikitukana: makarani, watu wa bonde, ndizi, mtu wa maziwa. Mke wangu alikuja akakaa karibu. Akaacha nimalize. Kisha akauliza imebaki ngapi ambayo siyo ya nyavu. Nikamwambia hakuna iliyobaki ambayo siyo ya nyavu.

"Na karatasi?"

"Karatasi ni mpaka Jumapili. Lakini chumba hatuna cha kulipia."

"Chumba niliomba lini?" akasema. "Kamio ya asubuhi inakwenda, ya jioni inarudi."

Nilikataa. Nikasema mimi si mtu wa kwenda Usumbura kama anayekwenda kununua chumvi. Akasema sawa, basi yeye atakwenda na mimi nitamlindia nyumba. Akaingia kulala. Mnaona mwanamke niliyeoa.

Kesho yake tulipanda kamio ileile, na dereva yuleyule akalipisha viti upya bila haya. Kavimvira, askari wa kizuizini akasoma karatasi, akachungulia chini ya viti.

"Samaki iko wapi?"

Nikaanza kumweleza kwa hasira habari za ndizi. Mke wangu akajibu: "Ndugu zangu wameikula. Jana walikuja kunitoa."

Askari akanigeukia. "Kwangu walileta vyungu kumi na viwili," akasema. Akarudisha karatasi, akainua mti uliofunga njia.

Usumbura hatukuona duka la Mhindi hata moja kwa ndani. Tulikaa mchangani, tukakula mihogo ya kuchemsha aliyoifunga nyumbani kwenye jani, tukanywa chupa moja ya limonadi, yeye akanywa zaidi. Ng'ambo ya maji milima ilisimama yote, toka upande wa bonde mpaka inapopotelea kusini, ya bluu, na chini yake alama nyeupe kidogo kama magamba ya samaki: Uvira. Akatafuta Songo kwa kidole. Hakuiona. Akatafuta bati langu, lile la pekee, lililokuwa linang'aa mtaa mzima.

"Haionekani," akasema, na akacheka mpaka akajishika tumbo. "Vigelegele vyote vile vya jana, na haionekani."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, na ninayo sasa ninapoandika, kwa sababu senge hadi alipokufa aliwaambia watu wote wa Nyakabere kwamba hawajawahi kupata mukwe aliyemtoa binti yao kwa ukubwa ule, na kila binti wa ukoo ule aliyeolewa baada ya mke wangu, mume wake alipimwa na mimi. Nyavu nilinunua msimu uliofuata. Makarani wakauliza siku tatu zangu za Usumbura zilikuwaje, nikawajibu nzuri kuliko zenu. Mke wangu akiulizwa anasema ilikuwa safari ya bei rahisi sana, mihogo na limonadi. Basi niiandike hapa mwenyewe, isibishaniwe tena nyumbani mwangu: mbuzi, bia, kitambaa cha senge, ndagala kwa bei ya sokoni, kamio iliyoondoka bila sisi, kamio iliyotubeba, na chupa ile moja, faranga mia saba na ishirini na sita.